Kutoka "Nimeshatoa" hadi "Nilitoa": Hotuba Kuhusu Brifu Moja ya Ubunifu

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu katika kazi hii, na wenzangu mnaoandika, mnaochora na mnaohudumia wateja wa matangazo,

Nimeombwa nizungumzie brifu ya ubunifu, ile karatasi ambayo mwandishi wa matangazo na mchoraji wake hukabidhiwa kabla hawajaanza kazi. Nyote mnazijua sehemu zake kuu nne, yaani lengo, walengwa, ujumbe mmoja na toni, kwa hiyo sitawarudisha darasani. Nimeona ni afadhali niwapitishe katika brifu moja tu, tangu ilipotufikia ikiwa haifai mpaka iliposainiwa, kwa sababu nimegundua kwamba sehemu hizo nne zikiandikwa sawasawa huwa ni sentensi moja inayosemwa kwa namna nne, na jambo hilo halionekani mpaka mtu aifuatilie karatasi moja hadi mwisho.

Kazi yenyewe ilikuwa ya benki ya damu. Brifu iliyotufikia ilisema hivi: "Lengo: kuongeza uelewa wa jamii kuhusu uchangiaji wa damu. Walengwa: wanaume na wanawake wote wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Ujumbe: kuchangia damu ni salama, ni rahisi, hakuchukui muda mrefu na huokoa maisha. Toni: ya kirafiki, ya kitaalamu, ya kisasa na yenye kuhamasisha." Hakuna neno la uongo ndani yake, na walioiandika walikuwa watu wanaoijua kazi yao na wanaoumia kila jokofu linapopungua. Hata hivyo, mwandishi wetu aliisoma mara mbili, akachukua kalamu, akaugawa mstari wa ujumbe kwa vijistari vitatu, akabaki na vipande vinne, kisha akauliza kwa upole: "Nianze na kipi?" Hakuna aliyemjibu. Ukimya ule ndio uliotuonyesha kwamba brifu ilikuwa bado haijaandikwa, kwa maana uamuzi ambao ulipaswa kufanywa na wenye kampeni ulikuwa umesukumwa kwa mtu wa mwisho, naye hakuwa na taarifa za kuufanyia.

Tukaanza na lengo. "Kuongeza uelewa" ni maneno tunayoyaandika tunapokuwa hatujajua tunataka nani afanye nini, nayo yana ubaya mmoja mkubwa: kampeni yoyote itakayotoka itayatimiza, hata iliyoshindwa, kwa kuwa bango likishasimama barabarani lazima kuna watu watakaoelewa jambo fulani. Tulimwomba mteja atuache tukae na daftari la wachangiaji kwa siku moja, majina yakiwa yamefunikwa. Hatukuhitaji hesabu kubwa ili kuona kilichokuwamo. Mstari baada ya mstari ulikuwa na tarehe moja tu. Watu walikuwa wamechangia siku timu ya benki ilipowafuata chuoni au kazini, wakaandikwa, na safu za tarehe zilizofuata zikabaki tupu kurasa nzima.

Hapo ndipo swali lilipobadilika. Tulikuwa tumejiandaa kuwashawishi watu wanaoogopa sindano, na kumbe mbele yetu palikuwa na kundi zima la watu waliokwisha kuishinda hofu hiyo, waliokwisha kupimwa, wanaojua chumba kilivyo na kinachotokea ndani yake, ila hawakurudi. Lengo jipya likaandikwa hivi: "Mtu aliyechangia damu mara moja, na ambaye muda wake wa kusubiri umekwisha, arudi kuchangia mara ya pili ndani ya miezi sita tangu kampeni ianze." Angalieni kwamba sentensi hiyo ina mtu, ina tendo, ina muda, na kipimo chake kipo tayari katika daftari lilelile, katika safu ya tarehe ya pili. Muda wa kusubiri hatukuutaja kwa tarakimu katika lengo, kwa sababu kanuni hutofautiana: kuna mahali ambapo mtu huruhusiwa kutoa damu tena baada ya siku 56, na mahali pengine husubiri miezi mitatu au minne. Tarakimu hiyo huchukuliwa kwa mamlaka husika, haikisiwi na wakala wa matangazo.

Kabla lengo halijasainiwa kuna swali moja ambalo mara nyingi husahaulika, nalo ni kama tangazo lina uwezo wa kulitimiza. Tangazo hubadilisha kile mtu anachokijua, anachokifikiri au anachokikumbuka. Haliwezi kumfungulia mlango uliofungwa. Benki ile ilikuwa ikipokea wachangiaji siku za kazi tu, saa za kazi tu, ilhali wengi wa watu wa daftarini walikuwa waajiriwa na wanafunzi waliofuatwa walipo. Kama tungeandika tangazo zuri kuliko yote, lingewaleta kwenye kitasa. Tulilisema hilo kwa mteja waziwazi, tukasimamisha brifu, naye akakubali kufungua Jumamosi asubuhi. Nawaomba sana msione haya kusimamisha kazi kwa sababu ya namna hiyo. Kampeni inayowaita watu mahali pasipowapokea inaharibu zaidi kuliko kukaa kimya, maana aliyegonga akakosa hatagonga tena.

Sasa nije kwa walengwa, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1968, huko London, mawakala wawili wa matangazo, J. Walter Thompson na Boase Massimi Pollitt, walianza kuweka mtu maalumu katika kila kazi wa kuleta sauti ya mlaji ndani ya chumba cha ubunifu. Stephen King aliongoza upande wa kwanza na Stanley Pollitt upande wa pili. Wakala nyingi hazina mtu huyo hata leo, lakini kazi yake haikwepeki: kuna mtu lazima aende akamsikilize mlengwa na kurudi na maneno yake. "Wenye umri wa miaka 18 hadi 65" ni maelezo ya sensa. Hayamsaidii mwandishi kuchagua hata neno la kwanza, kwa sababu kijana wa miaka 19 na mzee wa miaka 60 hawana jambo linalowaunganisha isipokuwa kwamba wote wana damu.

Tulizungumza na watu wachache waliokuwa na tarehe moja daftarini, waliokubali kupigiwa simu na benki yenyewe. Tulitarajia kusikia visingizio: maumivu, foleni, kizunguzungu. Hatukuvisikia sana. Tulichokisikia, karibu kwa kila mtu na karibu kwa sauti ileile ya kuridhika, kilikuwa neno moja: "Nimeshatoa." Mama mmoja alilisema huku akitusimulia jinsi alivyobandikwa plasta kwenye kiwiko, akakaa dakika chache kwenye kiti akipewa kinywaji, kisha akakabidhiwa kadi iliyoandikwa kwamba ameokoa maisha. Kadi hiyo bado alikuwa ameihifadhi katika mkoba. Aliizungumzia kwa fahari ya haki kabisa.

Ninyi mnaoishi ndani ya Kiswahili hamhitaji kuambiwa kilichomo katika lile "-mesha-". Ni kiungo cha jambo lililokamilika, linaloendelea kuhesabika mpaka sasa. Anayesema "nimeshakula" hatakaa mezani tena, na anayesema "nimeshalipa" hategemei kudaiwa. Mama yule alikuwa akituambia kwamba katika hesabu zake deni limefutwa, na kwamba kuchangia damu ni kitu cha kufanywa mara moja maishani, kama kuchanjwa chanjo ya utotoni. Hakuwa mwoga wala mvivu wala mtu asiyejali. Kwa hiyo matangazo ya kumwambia kwamba kuchangia ni salama na ni rahisi yalikuwa yakimpita kando, kwani analijua hilo kuliko sisi tulioyaandika.

Katika sehemu ya walengwa tukaandika aya moja: "Ni mtu aliyetoa damu mara moja, mara nyingi kwa sababu timu ilimfuata alipo. Haogopi. Anajivunia alichokifanya na anaamini amemaliza. Hakuna aliyemwambia lini anaruhusiwa kurudi, wala kwa nini arudi. Akiulizwa, anasema 'nimeshatoa'." Umri haukuandikwa. Mnunuzi wa nafasi za matangazo aliuhitaji kwa ajili ya kupanga redio na mabango, tukampa kwenye karatasi yake.

Baada ya kulipata neno lile, lengo nalo tuliweza kulieleza kwa mwandishi kwa ufupi zaidi kuliko lilivyoandikwa: tunataka mtu ahame kutoka "nimeshatoa" aende "nilitoa". Tendo ni lilelile na fahari ni ileile, lakini sasa limewekwa siku fulani iliyopita, na baada yake pana nafasi ya kufanya tena.

Ni jambo gani moja, basi, linaloweza kumhamisha? Hili ndilo swali la ujumbe mmoja, na ndipo brifu nyingi huvunjika, kwa sababu wenye bidhaa au huduma wana mambo mengi ya kweli ya kusema na kila moja lina mtu wa kulitetea mezani. Ujumbe hauchaguliwi kwa kupima lipi ni la kweli zaidi au lipi ni kubwa zaidi. Huchaguliwa kwa kuuliza lipi litaigusa fikra ile iliyomzuia mtu yule asitende. "Damu huokoa maisha" ni kubwa kuliko yote, lakini kwa mtu wetu linathibitisha tu kwamba ameshaokoa.

Jibu tulilipata kwa mtaalamu wa maabara, wakati alipokuwa akitueleza habari za uhifadhi bila kudhani kwamba anatupa tangazo. Mtu akitoa damu, kiasi cha mililita 450 hivi, mfuko wake hutenganishwa sehemu. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano hadi saba tu. Chembe nyekundu huwekwa kwenye jokofu lenye nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi, na hudumu siku 35 hadi 42 kutegemea kimiminiko cha kuhifadhia. Tukaziweka tarakimu hizo kando ya zile za kusubiri. Hata pale ambapo kusubiri ni kufupi, siku 56, chembe nyekundu za mchangiaji zinakuwa zimevuka muda wake kabla yeye mwenyewe hajaruhusiwa kurudi. Maana yake ni kwamba siku mtu anapostahili kuchangia tena, ule mfuko wa kwanza haupo tena, na jambo hilo ni kweli kwa kila mchangiaji wa namna hiyo, bila ubaguzi. Ndilo jibu la "nimeshatoa".

Rasimu yetu ya kwanza ya ujumbe ilisema: "Damu uliyotoa imeshatumika." Mganga mshauri wa benki aliikataa, na alikuwa na haki. Si kila mfuko hutumika. Mingine huondolewa baada ya vipimo, na mingine hupitwa na muda kabla haijahitajika. Hatuwezi kumwahidi mtu kwamba damu yake ilimfikia mgonjwa ilhali hatujui. Tukaandika ya pili: "Hakuna kilichobaki katika damu uliyotoa." Akaikataa hiyo pia, kwa sababu plazma, ile sehemu ya majimaji, ikigandishwa huweza kuhifadhiwa mwaka mzima na hata zaidi. Mwandishi wetu akauliza plazma inakaa wapi. Akajibiwa kwamba iko kwenye friza, si kwenye jokofu. Basi tukaandika ya tatu: "Mfuko wa damu uliotoa haupo tena kwenye jokofu." Mganga akaisoma taratibu, akakubali. Chini yake, katika mstari wa uthibitisho, tukaweka siku 42 na maelezo ya jokofu na friza, ili mwandishi ajue mpaka wa kweli uko wapi na asiuvuke siku atakapokuwa akitafuta maneno matamu.

Nimewasimulia rasimu hizo tatu kwa sababu huonyesha kwamba ujumbe mmoja haupatikani kwa kufupisha. Rasimu ya kwanza ilikuwa fupi kuliko ya tatu. Tulichokuwa tukikifanya kilikuwa ni kutafuta dai ambalo ni dogo vya kutosha kuwa kweli, na lenye ncha ya kutosha kumgusa mama wa kadi. Nakumbusha pia kwamba sentensi hiyo siyo kaulimbiu. Ujumbe ni kile tunachotaka kibaki kichwani mwa msikilizaji. Kaulimbiu ni moja ya njia za kukipeleka huko. Anayeandika brifu akianza kuipamba sentensi yake kwa vina na mizani, anakuwa amemnyang'anya mwandishi kazi, na mara nyingi huwa ameificha maana ambayo bado haijawa wazi kwake mwenyewe.

Kuna njia mbili ninazozitumia kujaribu ujumbe. Ya kwanza ni kuisoma brifu kwa sauti mara moja, kuigeuza karatasi, kisha kila mtu mezani anaandika ujumbe kwa maneno yake. Sentensi zikitoka tofauti, brifu ina ujumbe zaidi ya mmoja hata kama mstari ulikuwa mmoja. Ya pili ni kumwomba mwandishi na mchoraji watoe michoro mitatu ya haraka kwa kalamu ya risasi siku hiyohiyo. Michoro hiyo haitatumika. Tunachotafuta ni kama yote mitatu inaweza kurudishwa kwenye sentensi ileile. Brifu yetu ya kwanza ingetoa mkono wenye sindano, mtoto anayetabasamu na saa ya ukutani. Brifu ya mwisho ilitoa rafu tupu ya jokofu, kibandiko cha tarehe kwenye mfuko, na mlango wa jokofu unaofunguliwa. Picha hizo tatu ni tofauti, ila kila moja ilizaliwa na sentensi ileile.

Kuhusu toni nitasema machache, lakini haya machache yalitupa ugomvi mrefu kuliko mengine yote. "Ya kirafiki, ya kitaalamu, ya kisasa" ni vivumishi ambavyo hakuna mteja atakayevikataa, na kwa sababu hiyo havimkatazi mwandishi chochote. Toni hutokana na uhusiano uliopo kati ya anayesema na anayesikia. Mtu wetu si mgeni. Tayari alishawahi kunyoosha mkono wake katika chumba chetu. Kwa hiyo tuliandika: "Sema kama muuguzi aliyempokea siku ile, anayemkumbuka, na anayempa habari moja ambayo hakupewa. Usiombe. Usilaumu. Usimwite shujaa."

Agizo la mwisho ndilo lililoleta ugomvi. Mteja alilipenda neno "shujaa", na alilitumia miaka yote. Tulimwomba aitazame ile kadi ya mkobani. Shujaa katika masimulizi hufanya tendo moja kubwa, akashangiliwa, hadithi ikaisha. Kila tulipomwita mchangiaji shujaa tulikuwa tukimthibitishia kwamba amemaliza, yaani tulikuwa tukilinenepesha lile neno "nimeshatoa" ambalo lengo letu lilikuwa kuliondoa. Lawama nayo tuliikataza kwa sababu nyingine: "haupo tena kwenye jokofu" ni sentensi inayoweza kugeuzwa masuto kwa urahisi sana, kwa kubadili sauti tu ya msomaji wa redio, na mtu aliyesutwa kwa wema wake hujitetea badala ya kurudi. Tukaweka mifano miwili kwenye karatasi ili pasiwe na ubishi. Iliyokubalika: "Ulitoa mwezi wa tatu. Tangu wiki iliyopita unaruhusiwa tena." Iliyokataliwa: "Je, umesahau kwamba kuna wanaokufa?" Mifano hiyo ilimsaidia msomaji wa redio studioni kuliko kivumishi chochote, kwa maana aliisikia tofauti kabla hajafungua kinywa.

Siku mbili kabla ya kusaini, mteja alitupigia simu akaomba jambo dogo: katika ujumbe tuongeze kwamba hata ambao hawajawahi kuchangia wanakaribishwa. Ombi lilikuwa la haki, maana wachangiaji wapya wanahitajika kweli. Lakini mtu ambaye hajawahi kuchangia hana mfuko uliotoka jokofuni. Ujumbe wetu kwake hauna maana, na sababu inayomzuia ni nyingine kabisa, pengine ile hofu ya sindano tuliyoanza nayo. Tungeweza kuliweka lile "na" tukaepuka mabishano, kisha kila tangazo la redio la sekunde 30 lingegawanywa nusu kwa nusu baina ya watu wawili wasiosikia jambo moja. Tulimpa njia mbili: aandikiwe brifu ya pili yenye lengo lake, walengwa wake na fedha zake, au achague ipi itangulie. Alichagua kuanza na wanaorudi, kwa sababu majina na namba za simu zao tayari anazo, na ujumbe mfupi wa simu unaweza kumfikia kila mmoja siku yake ya kusubiri inapokwisha, jambo ambalo bango haliwezi.

Karatasi iliyosainiwa ilikuwa ya ukurasa mmoja, na bado ilikuwa na nafasi chini. Aliisaini mkurugenzi wa benki, aliisaini mganga mshauri kwa upande wa uthibitisho, na aliisaini mkuu wetu wa ubunifu, pamoja na tarehe. Tulikubaliana kwamba kuanzia hapo, mtu yeyote akitaka kubadilisha lengo au ujumbe, brifu inafunguliwa upya na wote watatu wanasaini tena, na kwamba tangazo litakapoletwa mezani litapimwa kwa karatasi hiyo kwanza kabla ya mtu kusema kama analipenda. Mwandishi aliichukua, akaisoma mara moja, na safari hii hakugawa chochote kwa kalamu. Aliuliza swali moja tu, kama kibandiko cha mfuko huandikwa tarehe ya kutolewa au ya mwisho wa matumizi. Alipojibiwa kwamba zote mbili huandikwa, aliziandika pembeni mwa karatasi na kwenda mezani kwake.